Msaada: vipimo vya zabuni ya simu 400 za watu wa fildi, nisirudie kosa la mwaka jana

#1 Karani_wa_Vifaa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimepewa kazi ya kuandika vipimo vya kiufundi vya zabuni ya simu 400. Watakaozitumia ni wakusanya takwimu: wanatoka saa 1 asubuhi, wanarudi saa 11 jioni, siku nzima wanajaza fomu kwenye simu na GPS ikiwa imewashwa.

Ununuzi uliopita tulichukua simu 300. Tangazo lilisema betri isiyopungua 5,000 mAh, IP68, uimara wa kijeshi na dhamana ya miezi 12. Zilizoletwa zilikuwa na vyote hivyo, na tulizipokea kwa furaha. Siku za mwanzo mtu alikuwa anarudi jioni na chaji ya asilimia 20 hivi. Baada ya miezi 11 kazini, karibu simu 100 zikawa zinazima saa 8 mchana. Muuzaji akatujibu mambo mawili: betri ni kitu cha kuchakaa, na dhamana imeshaisha.

Safari hii bosi anasema tuandike yaleyale, ila tuongeze betri iwe 6,000. Mimi moyo hautaki. Nyie mngeandika nini? Nahitaji maneno ya uimara, betri, dhamana na huduma baada ya mauzo.

#2 Simba_wa_Fildi

Bosi wako yuko sahihi. Betri kubwa ndiyo dawa. Na kwenye uimara kaza hapohapo kwenye IP68, hiyo ni namba ya juu. Simu ya IP68 hata ikianguka kutoka kwenye pikipiki inaokotwa nzima. Mimi nimefanya fildi miaka 9, naongea nilichokiona.

#3 fundi_bodi

Simba, heshima yako, lakini IP haina uhusiano wowote na kuanguka. Inapima vumbi na maji tu. Ile 6 maana yake vumbi haliingii. Namba ya pili ikiwa 7, simu imezamishwa maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ikiwa 8, imezidi hapo, ila kina na muda anavitaja mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo IP68 ya simu moja siyo IP68 ya nyingine. Na kipimo chenyewe hufanywa kwa maji safi, kwenye kifaa kipya. Simu ikishaanguka mara tano na fremu ikapinda kidogo, gundi ya kioo inaachia na maji yanaingia kama kawaida. Mezani kwangu nazifungua za namna hiyo kila mara.

Kuna jambo watu hawalisomi: kampuni nyingi zinatangaza IP68 halafu kwenye karatasi ya dhamana wanaandika kwamba uharibifu wa maji hautambuliwi. Kama unaitaka IP68, iandike pia kwenye kipengele cha dhamana. Vinginevyo umeomba namba tu.

#4 Mhasibu_Mtulivu

Kuhusu dhamana, miezi 12 ni mirefu mno. Kwa kawaida dhamana ya zabuni inatakiwa iishi kidogo kupita muda wa uhalali wa zabuni, na inatoka benki. Ukiomba ya miezi 12 wazabuni wadogo watakimbia wote, benki zinawakata ada.

#5 Bi_Mkataba

Ndugu Mhasibu, unachosema ni kweli, ila kwa dhamana nyingine. Mleta uzi anazungumzia ahadi ya kutengeneza au kubadilisha simu mbovu. Wewe unazungumzia ile ya mzabuni kutojitoa.

Lakini mkanganyiko wako una faida. Karani, neno hilo moja katika nyaraka za zabuni linabeba vitu vitatu: dhamana ya zabuni, dhamana ya utekelezaji wa mkataba, na hiyo ya simu. Nimeshuhudia mzabuni akijaza "tunayo, imeambatishwa" mbele ya kipengele cha dhamana ya vifaa, kumbe ameambatisha barua ya benki. Andika "waranti ya kifaa" kila mahali unapomaanisha simu, na usibadilishe neno katikati ya waraka.

Kabla sijaendelea nijibu hili: zile miezi 12 zilianza kuhesabiwa lini?

#6 Karani_wa_Vifaa

Ilianza tarehe ya ankara. Simu zilikaa stoo miezi 4 tukisubiri mafunzo ya watumiaji yaishe, ndipo tukagawa. Kwa hiyo zinaanza kusumbua, karatasi inasoma mwezi wa 15.

Kuhusu betri, kijitabu cha ndani ya boksi kinasema betri, chaja na kebo ni miezi 6 tu. Tulikigundua wakati wa kudai.

#7 Bi_Mkataba

Basi mlilipia miezi 12 mkatumia 8, na kwa upande wa betri mkatumia 2.

Hapo kwenye tangazo mliandika "waranti ya miezi 12" mkaishia hapo, na sentensi ilipokuwa na pengo, kijitabu cha kwenye boksi ndicho kilichojaza. Waranti ina maswali manne, na lisilojibiwa na mkataba linajibiwa na muuzaji. Inaanza lini? Inagusa sehemu zipi? Simu mbovu inapelekwa wapi na kwa gharama ya nani? Inarudi baada ya siku ngapi, na isiporudi inakuwaje?

Mimi huandika kwamba inaanza siku ya hati ya kukubali mzigo, betri ikiwemo kwa muda uleule wa simu, na kwamba masharti ya mkataba yanashinda karatasi yoyote iliyo ndani ya boksi. Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi lakini ndiyo iliyoniokoa zaidi ya mara moja.

#8 Hesabu_Kwanza

Naomba tubaki kidogo kwenye betri maana hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

Chukulia maneno ya mleta uzi. Simu mpya ilifanya kazi saa 10 ikabaki na 20, yaani inakula asilimia 8 kwa saa. Sasa inazima saa 8 mchana, yaani baada ya saa 7. Saa 7 mara 8 ni 56. Kama matumizi hayakubadilika, betri imebaki na asilimia 56 ya uwezo wake wa mwanzo. Ndani ya miezi 11!

Siku za kazi 26 kwa mwezi, chaji moja kwa siku, hiyo ni mizunguko 286 hivi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1670, iliyoanza kutumika kwa simu Juni 20, 2025, inadai betri ibaki na angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Mtu anaweza kusema kanuni hiyo haimhusu, lakini inaonyesha kinachowezekana kiwandani. Kushuka hadi 56 kwa mizunguko isiyofika 300 siyo kuchakaa kwa kawaida.

Kwa hiyo ama betri zilikuwa mbovu tangu mwanzo, ama matumizi yalibadilika. Kuongeza mAh bila kujua ni lipi kati ya hayo ni kubahatisha.

#9 Simba_wa_Fildi

Nimekubali la IP, fundi, asante. Lakini kwenye betri nina jibu ambalo hesabu haioni: joto. Hawa vijana wanachajia kwenye gari, simu iko juu ya dashibodi, jua linapiga kioo, GPS imewashwa, na chaja inasukuma umeme. Mkono hauwezi kuishika. Betri gani itapona hapo?

#10 fundi_bodi

Hapo Simba kasema kweli tupu. Joto pamoja na chaji iliyojaa ndiyo inayoua betri ya lithiamu kuliko mizunguko yenyewe. Na ile miezi 4 ya stoo nayo iulizwe: zilikaa na chaji kiasi gani, na stoo ilikuwa na joto kiasi gani?

Karani, nina swali. Zinapozima saa 8, zinakuwa zimefika 1, au zinakatika ghafla zikiwa bado na 15 au 20? Zikikatika ghafla, ujue ukinzani wa ndani wa betri umepanda. Kamera au mtandao ukivuta umeme kwa nguvu, volti inaporomoka na simu inajizima ingawa kioo kinaonyesha chaji ipo. Hiyo ni dalili ya betri yenyewe. Zikishuka taratibu mpaka 1, kuna uwezekano kitu fulani kinakula chaji.

#11 mdukuaji_mwema

Nimekuwa nikiandika programu za kukusanyia takwimu, kwa hiyo nitamtetea muuzaji kidogo (samahanini). Programu yenu ilisasishwa katikati ya mwaka? Nimewahi kuona toleo jipya limebadilishwa lichukue eneo la mtumiaji kila sekunde badala ya kila dakika, kisa msimamizi alitaka kuona njia aliyopita mtu. Simu zilezile zilizokuwa zinafika jioni zikawa zinakufa mchana, na betri hazikuwa na kosa lolote.

Kipimo chake ni rahisi, huhitaji kubishana na mtu. Chagua simu kumi, zijaze mpaka 100, ziunganishe na kompyuta yenye adb kisha andika:

```
adb shell dumpsys battery
```

Tafuta mstari wa `Charge counter`. Namba yake igawanye kwa 1,000 upate mAh. Ukiona 4800000 simu ikiwa imejaa, betri inashika 4,800 hivi. Ukiona 2800000, Hesabu yuko sahihi.

Tahadhari moja: kuna simu ambazo hazipimi kweli. Zinachukua uwezo ulioandikwa kiwandani na kuuzidisha kwa asilimia ya chaji. Ukikuta 5000000 kamili kwenye simu ya mwaka mzima, usiiamini.

#12 Nyota_ya_Asubuhi

Samahani naingilia. Mimi nina simu ya kawaida, betri inavimba nyuma, kava limeanza kufunguka. Ni dalili ya programu au joto?

#13 fundi_bodi

Nyota, acha kuichaji leo hii. Usiikandamize wala kuitoboa, iweke mbali na kitanda na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke kwa fundi ibadilishwe betri. Sababu tutatafuta ikishatoka nyumbani kwako.

#14 Karani_wa_Vifaa

Nimerudi. Nimefanya alichosema mdukuaji kwa simu kumi zilizorudishwa stoo.

Sita zimesoma kati ya 3,000 na 3,400. Tatu zimesoma karibu 4,300. Moja imesoma 5,000 kamili, nimeiweka pembeni kama ulivyoonya.

Zile sita, nne zinakatika ghafla kwenye 17 au 18. Zile tatu nzuri zilikuwa za wasimamizi, ambao wanachajia ofisini. Lakini pia nimeona namba zao za usajili zinaanza tofauti, kama zilitoka kwenye maboksi ya awamu nyingine ya usafirishaji.

Na mdukuaji, nimeuliza: programu ilisasishwa mwezi wa 6. Hakuna aliyeandika kilichobadilika.

#15 Simba_wa_Fildi

Wasimamizi wanachajia ofisini, simu zao nzima. Vijana wanachajia garini, simu zao zimekufa. Joto! Kesi imeisha.

#16 Hesabu_Kwanza

Haijaisha, mkuu. Wasimamizi hao hao walipata simu za awamu nyingine, na hao hao hawajazi fomu siku nzima. Tofauti ziko tatu na zote zinakwenda pamoja. Kwa simu tatu huwezi kuzitenganisha.

Angalia pia kwamba 3,200 kati ya 5,000 ni asilimia 64, siyo 56 niliyoipata. Pengo hilo linaweza kuwa simu kujizima mapema zikiwa na 17, au programu kula zaidi tangu mwezi wa 6, au yote mawili.

#17 mdukuaji_mwema

Au `Charge counter` kudanganya kidogo. Mimi siiwekei mkono motoni.

#18 Bi_Mkataba

Na hapa ndipo ninapotaka kumrudisha mleta uzi kwenye zabuni yake. Tumekaa watu wanne wenye ujuzi, simu ziko mkononi, na bado hatujui nani ana makosa. Msimamizi wa mkataba wako, siku muuzaji atakapokataa, atajuaje? Sharti lazima liandikwe kwa namna ambayo halihitaji kujua sababu. Linahitaji kipimo na matokeo tu.

Badala ya "betri isiyopungua 5,000 mAh", andika kazi. Simu ya sampuli ichajiwe hadi 100, iwekwe programu ya mnunuzi, GPS na data ya simu zikiwa zimewashwa, fomu zijazwe kwa ratiba moja kwa saa 10, na mwisho ibaki na chaji isiyopungua kiasi fulani. Simu ya 4,800 yenye prosesa isiyokula sana inaweza kuishinda ya 6,000. Kwa sharti la bosi, ingetupwa nje kabla haijajaribiwa.

#19 Karani_wa_Vifaa

Hicho "kiasi fulani" ndicho kinaniumiza kichwa. Nikiandika 20 si ndiyo ile ya mwaka jana?

#20 Hesabu_Kwanza

Ndiyo ile ile, na hilo peke yake lingewaumiza hata betri zingekuwa nzima. Tazama.

Simu mpya ikibaki na 20, maana yake kazi ya siku inakula 80. Betri ikichakaa kihalali mpaka asilimia 80 ya uwezo wake, kazi ileile inakula 80 ya 80, yaani yote. Simu inazima wakati mtu anafunga mkoba. Hakuna akiba ya siku yenye foleni wala mtandao hafifu unaoifanya simu itafute mnara muda wote.

Ukidai ibaki na 30 ikiwa mpya, kazi inakula 70. Betri ikifika 80, kazi hiyo inakula asilimia 87.5 ya kilichobaki, unarudi jioni na 12 au 13. Ukidai 40, unarudi na 25. Kwa hiyo anza na hali unayoitaka mwisho wa maisha ya simu, kisha rudi nyuma hadi siku ya kwanza. Mimi ningeandika 35, ambayo inakupa karibu 19 betri ikiwa imechakaa.

Ila sharti likizidi hapo utaanza kuona simu nene na nzito tu, na watu wataziacha nyumbani.

#21 fundi_bodi

Ongeza jambo kwenye jaribio hilo: mwanga wa skrini. Watu wa fildi wanafanya kazi juani, mwanga uko juu kabisa. Ukiandika "mwanga 50%" umempa zawadi mwenye skrini hafifu, kwa sababu 50 ya simu moja siyo 50 ya nyingine. Weka mwanga wa juu kabisa, au nunua kifaa cha kupimia mwanga uziweke zote kwenye niti zilezile.

#22 mdukuaji_mwema

Mwanga wa juu kabisa nao unamwadhibu mwenye skrini inayong'aa zaidi, ambayo ndiyo unayoihitaji juani. Bora niti sawa.

#23 fundi_bodi

Niti sawa inahitaji kifaa, na mzabuni aliyeshindwa atauliza kifaa hicho kilihakikiwa wapi. Mimi nabaki na langu.

#24 Bi_Mkataba

Muamue nyie, ila litajwe kwenye waraka kabla zabuni hazijafunguliwa, na simu zote zijaribiwe siku moja, chumba kimoja. Malalamiko mengi huzaliwa pale kipimo kinapobuniwa baada ya sampuli kufika.

#25 Kipepeo_Mwekundu

Nauliza kama mgeni. Kwani "uimara wa kijeshi" haukuwasaidia kwenye kuanguka? Mbona hamuuzungumzii?

#26 fundi_bodi

Swali zuri. Wanachokitaja huwa ni MIL-STD-810, toleo la G la mwaka 2008 au H la 2019. Ni kitabu kikubwa cha mbinu za kupima: joto, baridi, mtikisiko, unyevu, kuanguka. Hakuna ofisi inayotoa cheti chake. Mtengenezaji anachagua mbinu anazotaka, anapima mwenyewe au anapeleka maabara, kisha anaandika jina la kitabu kizima kwenye boksi. Anaweza kuwa alipima unyevu tu.

Na hata kwenye kuanguka kwenyewe, kipimo kinachozoeleka cha toleo la G ni mara 26 kutoka sentimita 122, juu ya mbao nzito iliyolazwa kwenye zege. Mbao, siyo zege tupu wala kokoto. Na inaruhusiwa kugawa hizo mara 26 kwa vifaa hadi vitano. Kwa hiyo simu moja inaweza kuwa imeanguka mara tano au sita tu.

Karani asiandike jina la kitabu pekee. Adai ripoti ya maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, yenye jina la modeli ileile inayouzwa, na ripoti itaje mbinu, urefu, sakafu, idadi ya kuanguka kwa kila simu, na kama kava lilivaliwa.

#27 Bi_Mkataba

Hilo la modeli ileile likaze. Wanapenda kuleta ripoti ya kaka yake.

Ila angalizo: maabara ya namna hiyo ni gharama, na simu nyingi za bei ya kati hazina ripoti ya kuanguka hata moja. Ukilifanya sharti la lazima unaweza kubaki na mzabuni mmoja, au usipate kabisa. Ulizia sokoni kwanza ni modeli ngapi zinalitimiza. Zikiwa chini ya tatu, lifanye la alama badala ya la kufa na kupona. Na usitaje chapa. Ukilazimika kuitaja ili ueleweke, ongeza "au inayolingana nayo" kisha useme inalingana kwa vigezo gani.

#28 Simba_wa_Fildi

Mimi nitasema la mtu wa chini. Nunueni simu ya kawaida, kava nene la mpira lenye kingo zilizoinuka, na kamba ya shingoni. Katika miaka yangu 9 simu nyingi zilianguka mtu akiitoa mfukoni huku ameshika daftari. Kamba ilimaliza kesi hiyo. Ripoti ya maabara haishiki simu.

#29 fundi_bodi

Simba leo umeanza vibaya ila unamaliza vizuri. Kava na kamba viandikwe kwenye zabuni hiyo hiyo, vikija baadaye vinakuwa havikai sawa kwenye modeli iliyoletwa.

#30 Karani_wa_Vifaa

Nashukuru, nimeandika yote. Imebaki huduma baada ya mauzo. Mwaka jana tulikuwa na simu kama 9 mbovu kila mwezi, na muuzaji alikaa nazo wastani wa siku 40. Bosi anataka tudai simu za akiba asilimia 10, yaani 40. Muuzaji ninayemfahamu amecheka.

#31 Hesabu_Kwanza

Usiombe asilimia kabla ya kuomba siku. Simu 9 kwa mwezi, kila moja ikikaa nje siku 40, wakati wowote una simu 12 hazipo. Muuzaji akirudisha ndani ya siku 10, zinakuwa 3 tu.

Mwaka jana mlikuwa na simu 300, sasa ni 400, kwa hiyo tegemea 12 mbovu kwa mwezi kama mambo hayatabadilika. Kwa siku 10 zitakuwa nje 4. Kwa kuwa hazivunjiki kwa mpangilio, weka akiba ya 10 au 12. Arobaini ni pesa iliyolala kabatini huku betri zake nazo zinazeeka.

#32 Bi_Mkataba

Na akiba hiyo ikae stoo kwako, siyo kwake. Mtu wa fildi analeta mbovu, anaondoka na nzima dakika ileile, halafu wewe na muuzaji mnahesabiana siku. Saa ya siku 10 ianze pale simu inapokabidhiwa kwa mtu wake au msafirishaji wake. Akichelewa, analeta mpya ya modeli ileile au iliyo bora, au anakatwa kiasi kilichotajwa kwa kila siku. Usiandike "ndani ya muda unaofaa", maneno hayo hayana saa.

Pia omba barua ya mtengenezaji inayomtambua mzabuni kama muuzaji wake. Bila hiyo unaweza kupewa simu halali kabisa, ila zilizotengenezewa soko lingine, na kituo cha huduma cha kwako kikazikataa. Ukipokea, piga `*#06#` kwenye kila simu na ulinganishe IMEI na orodha ya mzigo. Simu isiyo kwenye orodha haina waranti.

#33 Kipepeo_Mwekundu

Simu 400 zote mtazipima saa 10 kila moja? Mtamaliza lini?

#34 Bi_Mkataba

Hapana. IMEI ni zote, kazi ya siku moja kwa watu wawili. Jaribio la betri ni la sampuli. Ukifuata ISO 2859-1 kwa ukaguzi wa kawaida, mzigo wa 400 unatoa simu 50 za kupimwa. Kwa kiwango cha ubora cha 1.0 mzigo unapita ikishindwa moja, unakataliwa zikishindwa mbili. Wewe ndiye unayezichagua hizo 50, kutoka maboksi tofauti, siyo dereva wa muuzaji. Hapo ndipo lile suala la awamu mbili za usafirishaji lingeonekana mapema: zingesomwa `Charge counter` siku ya kwanza, mkabaki na rekodi.

#35 Karani_wa_Vifaa

Hiki ndicho nilichoandika mpaka sasa upande wa betri, mnikosoe:

"Simu itakayowasilishwa kama sampuli itafanyiwa jaribio lililoelezwa kwenye kiambatisho kwa saa 10 na itabaki na chaji isiyopungua 35%. Sampuli ya mshindi itafungwa na kutiwa lakiri na kulinganishwa na mzigo. Waranti ya kifaa, betri ikiwemo, itakuwa miezi 24 kuanzia tarehe ya hati ya kukubali mzigo. Ndani ya kipindi hicho betri yoyote itakayopimwa na kukutwa chini ya 80% ya uwezo uliotangazwa itabadilishwa bila malipo ndani ya siku 10, bila mnunuzi kutakiwa kuthibitisha sababu."

#36 mdukuaji_mwema

"Itakayopimwa" na nani, kwa kipimo gani? Ukitegemea `Charge counter` na modeli iliyoshinda ni ya wale wanaodanganya, kila betri itasoma 100 mpaka siku inakufa. Andika ipimwe kwa kuchajiwa kupitia mita ya USB, au irudiwe jaribio lilelile la saa 10.

#37 Simba_wa_Fildi

Na mimi kama ningekuwa muuzaji, "bila kuthibitisha sababu" ingenifanya nipandishe bei. Vijana wataendelea kuweka simu kwenye dashibodi, halafu nalipa mimi?

#38 Bi_Mkataba

Simba, hapo una hoja. Njia ya katikati ni kutaja mipaka ya matumizi: simu isichajiwe ikiwa na joto zaidi ya kiwango alichoandika mtengenezaji, ambacho kwa simu nyingi ni nyuzi 45. Lakini muuzaji akikubali hilo, atadai rekodi za joto. Mnazo?

#39 mdukuaji_mwema

Zinaweza kuwepo. Programu yao inaweza kuandika joto la betri kila inapohifadhi fomu, Android inalitoa bila shida. Ila hapo mnunuzi anakuwa anatunza ushahidi unaoweza kumfunga mwenyewe.

#40 fundi_bodi

Watunze tu. Kwa zile sita za stoo tungekuwa nazo leo, tusingekuwa tunabishana.

#41 Karani_wa_Vifaa

Nimemuuliza mtu wa programu, anasema inawezekana kwa wiki moja. Bosi bado anataka 6,000 ibaki kwenye waraka pembeni ya jaribio, kama ulinzi. Naogopa zikikaa zote mbili, mzabuni mwenye 4,800 inayofaulu jaribio ataenguliwa na mstari wa bosi. Kesho nina kikao naye saa 4 asubuhi. Nikienda na zile simu kumi na karatasi ya vipimo vyake, mnadhani zinatosha?

#42 Hesabu_Kwanza

Nenda na mbili: moja ya 3,100 na moja ya 4,300. Zote mbili zimeandikwa 5,000 nyuma. Mwonyeshe.